SOMO: Ankara kwa mteja wa nje na makato ya benki

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu. Hapa nazungumzia malipo ya benki kwa benki kupitia SWIFT.

1. Namba ya ankara, kazi iliyofanyika, siku ya mwisho ya kulipa. Haya mnayajua.

2. Andika sarafu kwa herufi tatu. "Dola" peke yake haitoshi, Australia na Kanada nao wana dola zao. Chagua sarafu ya akaunti yako. Mjerumani akikutumia euro kwenye akaunti ya dola, pesa itabadilishwa kuwa dola, halafu utaibadilisha tena kuwa shilingi, na kila mara kuna kinachobaki benki.

3. Makato. Hapa ndipo watu wanaumia. Fomu ya kutuma ina chaguo tatu. OUR: mtumaji anabeba makato. SHA: yeye anabeba ya benki yake, mengine yako. BEN: yote yako. Usiposema kitu, mara nyingi inakwenda SHA. Tuseme ankara ni dola 600. Benki ya kati, ile pesa inakopitia njiani, inakata 20, yako inakata 10, unapokea 570. Mteja ana risiti ya 600 mkononi, na hajakudanganya. Kwa hiyo kubalianeni kabla ya kazi, kisha weka kwenye ankara:

```
Amount due: USD 600.00
Charges: OUR
```

Kwenye ujumbe ongeza, kwa lugha yake: "Tafadhali chagua OUR, ili dola 600 ziingie kamili. Makato ya kutuma na ya benki za kati ni ya mtumaji."

Angalizo: hata kwa OUR, benki yako inaweza kukata ada ya kupokea. Waulize mapema, uiingize kwenye bei. Usimwongezee mteja bei kazi ikishakwisha.

MASWALI

Juma_Tovuti: Mkuu, kwa hiyo makato analipa nani?
Mwandishi: Hatua ya 3. Soma.

Juma_Tovuti: Nimesoma, ila wangu hataki OUR.
Mwandishi: Basi mpe bei inayobeba makato, akubali kabla hujaanza.

BintiKilwa: Mteja anasema alichagua OUR, mbona zimepungua? Nitajuaje zilikokatwa?
Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Mwombe nakala ya MT103, yaani ujumbe wa malipo wa benki yake, uangalie sehemu ya 71A. Ikisomeka SHA, rudi kwake. Ikisomeka OUR, nenda na nakala benki kwako, waangalie kwenye ujumbe walioupokea wao makato yaliyotolewa njiani. Wape na UETR, ndiyo namba ya kufuatilia muamala. Nakala za mfumo mpya wa ISO 20022, uliochukua nafasi ya MT103 kati ya benki tangu Novemba 2025, zinaandika DEBT badala ya OUR, SHAR badala ya SHA, na CRED badala ya BEN.

BintiKilwa: Asante. Na ankara za dola 50?
Mwandishi: Usizitume mojamoja. Makato mengi ya njiani hayaangalii udogo wa kiasi. Kubalianeni akulipe kwa mwezi, kazi zote kwenye ankara moja.

Seif_Tafsiri: Mimi huwa naomba nusu mwanzoni. Hiyo ya kwanza ndiyo inanionyesha makato ya njia hiyo, ya pili naipanga vizuri.
Mwandishi: Hiyo naichukua.