Kabla ya kuivalisha silinda koti la moto

Silinda ya presi iliyoletwa karakanani kwetu Unga Limited, Arusha, ilitakiwa iwe na tundu la kipenyo cha milimita 100 na kipenyo cha nje cha milimita 200. Presha ya kazi ni 60 MPa, yaani baa 600 kwenye geji, inayotoa msukumo wa karibu tani 48. Mwenye presi aliniuliza, "Fundi, ukuta wa milimita 50, chuma chote hicho kitashindwaje?" Swali lake ndilo la kwanza kulijibu kabla hujawasha mashine ya kukereza, maana jibu ndilo linaloamua kama koti, yaani silinda ya pili ya kuibana ya kwanza kwa nje, linahitajika.

Presha ya ndani inavuta ukuta kuuzunguka, kama pete inayotaka kukatika. Ukigawanya mvuto huo sawasawa kwenye ukuta wote unapata 60 MPa, na hapo wengi huishia. Lakini ukuta mnene haugawani mzigo sawasawa. Mfaransa Gabriel Lamé alilionyesha hilo katika karne ya 19: mvuto ni mkubwa kwenye uso wa tundu, kisha unashuka kadiri unavyokwenda nje. Kwa silinda hii, nusu kipenyo r ikiwa kwa milimita, hesabu ni hii:

```
mvuto      = 20 + 200000 / r²
mgandamizo = 20 - 200000 / r²
```

Weka r = 50. Mvuto kwenye tundu ni 100 MPa, si 60. Weka r = 100, unapata 40 tu. Milimita za mwisho za ukuta zinabeba chini ya nusu ya kile kinachobebwa na zile za kwanza, kwa hiyo kuongeza unene kwa nje kunasaidia kidogo sana.

Tena chuma laini hakianzi kulegea, yaani kutanuka bila kurudi, kwa sababu ya mvuto peke yake. Kinacholegeza ni tofauti kati ya mvuto na ule mgandamizo unaosukuma ukuta kwenda nje. Kwenye tundu mgandamizo ni hasi 60, kwa hiyo tofauti ni 160 MPa. Chuma tulichokuwa nacho kinaanza kulegea kwenye 250 MPa hivi. Tunabaki na usalama wa mara 1.6, na mimi siwezi kumkabidhi mtu presi ya tani 48 kwa kiwango hicho.

Ndipo koti linapoingia. Unatengeneza silinda kwa vipande viwili vinavyokutana kwenye kipenyo cha milimita 140. Kipande cha ndani unakiacha kiwe kikubwa kidogo kuliko tundu la koti, unapasha koti moto, unalivalisha, likipoa linakibana. Uso wa tundu unabaki umebanwa hata kabla presha haijaingia, na presha ikija inalazimika kwanza kuumaliza mbano huo.

Jambo la kuamua kwa makini kuliko yote ni ukubwa wa ziada hiyo. Wengi tunadhani kadiri inavyobana zaidi ndivyo bora. Sivyo. Kila unachokipunguza kwenye tundu unakihamishia kwenye uso wa ndani wa koti. Kwa vipimo hivi, ziada ya milimita 0.04 kwenye kipenyo inaleta mbano wa karibu 10 MPa mahali vipande vinapokutana, na ile tofauti inakuwa takriban 120 MPa pande zote mbili, kwenye tundu na kwenye koti. Usalama unapanda hadi mara 2 na kidogo. Ukiweka 0.10, tundu linastarehe lakini koti linafika 175 MPa, kuliko silinda ya kipande kimoja. Umefanya kazi yote ile kuharibu. Nilijiwekea mipaka: isiwe chini ya 0.03, isizidi 0.05. Ndani ya mipaka hiyo hakuna upande unaovuka 131 MPa.

Kwa nafasi finyu hivyo, kupima kunataka utulivu. Venia iache mezani. Hapa ni maikromita na geji ya kupimia tundu, kila kipande kipimwe sehemu tatu na kwa pande mbili, ili ujue kama ni duara kweli. Vipande vyote vilale ndani pamoja usiku mzima kabla ya kipimo cha mwisho. Nilishawahi kumalizia tundu la koti lililokuwa limekaa mlangoni juani, huku kipande cha ndani kikiwa kivulini. Chuma cha kipenyo cha milimita 140 kikizidi joto kwa nyuzi 10 kinapanuka karibu milimita 0.017. Koti lilipopoa tundu lake likawa dogo kuliko nilivyoliandika, na ziada niliyotaka iwe 0.04 ikakaribia 0.06. Nililijua hilo asubuhi yake nilipopima tena, na nikashukuru kwamba nilikuwa sijavalisha.

Angalia pia uso wenyewe. Mikwaruzo ya kisu inalala vipande vinapobanana, na kwenye uso uliokerezwa kawaida unaweza kupoteza karibu milimita 0.01 ya ziada yako. Malizia nyuso zote mbili laini, la sivyo uhesabu hasara hiyo mapema.

Tundu la ndani usilifikishe kwenye kipimo cha mwisho. Koti likishabana, tundu la milimita 100 linasinyaa karibu milimita 0.02, na pistoni uliyoifiti kabla itakwama. Acha nyama kidogo, umalizie baada ya kuvalisha.

Joto si kubwa kama watu wanavyofikiri. Kulipandisha koti nyuzi 150 juu ya hewa ya karakana kunalipanua milimita 0.25, kwa hiyo linavaa likiwa na nafasi ya karibu 0.2. Tumia tanuri linalopasha koti lote sawasawa, sio mwali wa gesi sehemu moja, kwani koti litapinda kuwa yai na kukamata katikati ya safari. Chuma kikianza kugeuka rangi ya majani makavu umeshazidisha. Kingo ziwe zimeteremshwa kidogo, kipande cha ndani kisimame wima, na kiwepo kituo cha koti kukalia. Jaribu safari yote likiwa baridi kwa mikono mitupu, mkipanga nani ashike wapi, kwa sababu likianza kukamata hakuna muda wa kubishana. Likifika, lishikilieni kwenye kituo hadi lishike, kwa kuwa linaposinyaa kwa urefu hupenda kujivuta na kuacha mwanya.

Hesabu hizi ni za chuma cha aina moja ndani na nje. Ukiweka ndani chuma cha kuyeyusha au shaba, ziada inabadilika, na mafuta yakipata moto mbano nao unabadilika.

Kabla ya kujaribu, pima kipenyo cha nje na ukiandike. Jaza mafuta, toa hewa yote, usijaribu kamwe kwa hewa. Kwenye 60 MPa kipenyo cha nje kinapaswa kuongezeka karibu milimita 0.04. Shusha presha hadi sifuri upime tena. Kikirudi pale kilipoanzia, silinda imeistahimili presha ya kazi. Kikibaki hata na 0.01 ya kudumu, na vipande vyote vina joto lile lile la mwanzo, kuna chuma kilicholegea ndani, na silinda hiyo haitoki karakanani.