Mambo sita ya kesho, yaandikwe leo usiku

Wenzangu wa kikundi, mliniomba niandike ile njia ya kupanga kazi za siku niliyoeleza kwa haraka siku ile ya mchango. Mimi nina kibanda cha kushonea Magomeni, nafanya kazi na wasichana wawili, kwa hiyo mifano yangu ni ya cherehani. Mwenye jiko au randa atabadilisha mwenyewe.

Njia hii si yangu. Inahusishwa na Mmarekani mmoja, Ivy Lee, aliyekuwa mshauri wa mahusiano ya umma. Inasimuliwa kwamba mwaka 1918 aliwafundisha wakubwa wa kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel, iliyokuwa chini ya Charles Schwab. Aliwaambia walipe baada ya miezi mitatu, kiasi wanachoona kinastahili, na Schwab akamwandikia hundi ya dola 25,000. Yale maelezo yenyewe yanaenea kwenye kiganja: usiku andika mambo sita ya kesho, yapange kwa uzito, asubuhi anza na la kwanza, usiguse la pili mpaka la kwanza liishe. Yaliyobaki jioni yanaingia kwenye orodha mpya.

Kuandika

Naandika saa tatu usiku, nikishafunga na kula, kwenye daftari la kawaida. Simu naiweka mbali. Asubuhi haifai kwa kazi hii, maana ukifungua macho tu meseji za wateja zimeshakupangia siku, na anayepiga kelele zaidi ndiye anakuwa wa kwanza.

Kila jambo liandikwe kama kitendo ambacho mkono wako unaweza kukimaliza. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukiandika "kitambaa cha bluu", hujui kimekwisha lini. Ukiandika "kununua kitambaa", muuzaji asipokuwa nacho umekaa pale pale kwenye namba mbili siku nzima. Andika "kumpigia muuzaji wa Kariakoo kuuliza kama bluu ipo na mita ni bei gani". Ukishapiga, limekwisha, hata kama jibu ni hapana.

Kupanga

Najiuliza swali moja: kesho nikifanya jambo moja tu kisha nikafunga, liwe lipi? Hilo ni namba moja. Nalifunika kwa kidole, nauliza tena kwa yaliyobaki, mpaka sita.

Wiki yangu ya kwanza nilikosea hapa. Kulikuwa na mteja wa gauni la send-off aliyekuwa akinipigia kila siku, nikaliweka gauni lake namba moja, na sherehe yenyewe ilikuwa bado siku tisa. Nilishinda nalo mpaka mchana. Wasichana wangu walikaa wanapiga soga, kwa sababu sketi za sare zilikuwa hazijakatwa na mkasi naushika mimi. Tangu hapo, kazi inayowapa wengine kazi ndiyo inatangulia. Tarehe ya mteja inafuata. Kelele zake hazihesabiwi.

Siku yenyewe

Hii ni orodha yangu ya Jumatano moja, kama ilivyo daftarini:

1. Kukata sketi 12 za sare
2. Kumpigia muuzaji wa Kariakoo kuhusu bluu
3. Gauni la send-off: zipu na pindo
4. Kukagua mashati 8, kukata nyuzi, kupiga pasi
5. Kuandika madeni ya wateja
6. Kupeleka cherehani ya pili kwa fundi

Saa mbili asubuhi nilitandika kitambaa tabaka kwa tabaka, nikachora kwa chaki, nikakata. Saa nne na nusu sketi zote zilikuwa vipande na wasichana wako kwenye mashine. Nikapiga simu Kariakoo, haikupokelewa. Nikatuma ujumbe, nikafuta namba mbili. Saa sita muuzaji akajibu kwamba bluu ipo. Hapo ndipo kishawishi kinapokuja: nipande mwendokasi sasa hivi mpaka Gerezani? Hapana. Safari ile niliiandika usiku kuwa ya Alhamisi. Nikaendelea na gauni.

Saa nane umeme ukakatika katikati ya mashati, manne hayajapigwa pasi. Hii ndiyo ruhusa pekee ninayojipa ya kuruka: kazi imezuiwa na kitu nisichoweza kukiondoa. Nikaweka alama ya duara kwenye namba nne, nikashika namba tano, na umeme uliporudi saa tisa na nusu nikarudi kwenye nne kabla ya lolote. Uchovu hauna duara. "Sijisikii" pia haina.

Tano haikuisha, sita haikuguswa. Siku zangu nyingi zinaishia kwenye tatu au nne, na sioni ubaya, maana yaliyobaki ni yale niliyosema mwenyewe jana kwamba yanaweza kusubiri.

Usiku ule sikunakili tano na sita na kuziweka juu. Niliziuliza swali lilelile pamoja na mambo mapya. Cherehani ilipanda hadi namba mbili kwa sababu ilianza kuruka mishono. Madeni yakabaki chini, tena kwa usiku wa nne. Jambo likihama usiku wa tatu, ujue ama ni kubwa mno, ama unaliogopa, ama si lako. Langu lilikuwa la kuogopa. Nikalikata: "kuandika majina ya wanaodaiwa zaidi ya shilingi 20,000". Yalikuwa majina saba, dakika ishirini.

Maswali mliyoniletea

*Dada, mimi nina mgahawa. Wateja hawasubiri nimalize namba moja. Nifanyeje?*

Dada yangu, kuhudumia wateja usikuweke kwenye orodha kabisa. Hiyo ndiyo siku yenyewe. Orodha yako ni ya saa zilizo zako, labda saa nane hadi kumi baada ya msosi wa mchana. Kwa saa mbili, andika mambo mawili au matatu. Sita si namba takatifu. Kama huna hata saa moja iliyo yako, njia hii haitakusaidia, afadhali kwanza utafute wa kukushikia kaunta.

*Shikamoo. Na mambo yenye saa maalumu? Benki inafunga, na namba yake ni tano.*

Marahaba. Miadi haipangwi kwa uzito, inakaa pembeni ya ukurasa na saa yake. Saa ikifika unaacha kazi, unakwenda, ukirudi unaendelea pale ulipoishia. Ila iwe miadi ya kweli. Mtu akiandika miadi minne kwa siku, ameshaiua orodha.

*Mteja akija na kazi ya dharura, analipa mara mbili?*

Kwangu msichana mmoja anampokea, anampima, anaandika vipimo na tarehe. Kazi inaingia kwenye orodha ya usiku. Akisema anaitaka leo leo, namwuliza msiba au harusi. Msiba napokea, na nafuta jambo moja kabisa kwenye sita ili nisijidanganye kwamba nitafanya yote saba.

*Mimi ni seremala, kabati moja linachukua siku nne. Namba moja itakuwa kabati wiki nzima?*

Kaka, kabati si jambo, ni mambo ishirini. Kesho andika "kukata mbao za pande mbili na kuzipiga randa", basi. Gundi inapokauka una saa za kushika namba mbili, na hapo duara linaruhusiwa.

*Nikisahau kuandika usiku?*

Andika kwenye daladala asubuhi, kabla hujafungua meseji. Zikishafunguliwa, siku hiyo fanya kazi kama zamani, usiku uanze upya.