SOMO: Kutafsiri dodoso na kulirudisha bila kupoteza dhana (mfano wa PHQ-9)

Kila msimu wa tasnifu naletewa swali lilelile: "Nimetafsiri dodoso kwa Kiswahili, mwenzangu amelirudisha kwenye Kiingereza, yanafanana. Niendelee?" Kufanana huko peke yake hakuthibitishi chochote. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Wenzetu wa Kenya huliita hojaji, mambo ni yaleyale.

Natumia PHQ-9, dodoso fupi la dalili za sonona lililochapishwa mwaka 2001. Lina maswali tisa. Kila moja linauliza jambo fulani limekusumbua mara ngapi katika wiki mbili zilizopita, na jibu linapewa alama 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 27, na watafiti wengi huanzia 10 kumhesabu mtu kuwa huenda ana sonona.

1. Tafuta kwanza kama tafsiri ipo. PHQ-9 ina matoleo ya Kiswahili tayari, na haihitaji kibali kuitumia. Madodoso mengine yanahitaji, kwa hiyo ulizia kabla.

2. Andika karatasi ya dhana: kila swali, sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza linapima nini. Usiruke hatua hii, utaihitaji kwenye ya 5.

3. Watafsiri wawili ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza, kila mmoja peke yake. Mmoja awe wa afya, mwingine asiwe.

4. Mtu wa tatu akae nao waunganishe matoleo mawili kuwa moja. Andikeni kwa nini mmechagua neno hili mkaacha lile.

5. Tafsiri ya kurudisha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mwenyewe kujua. Anayerudisha asiwe amewahi kuliona dodoso la Kiingereza. Kwa PHQ-9 maana yake usimpe daktari wala mwanasaikolojia, kwa sababu wengi wao wanaijua karibu kwa moyo na watakuandikia kile wanachokikumbuka. Lakini hata ukimpata asiyeijua, bado kuna hatari kubwa zaidi: msomi anayejua Kiingereza vizuri huweza kuona Kiingereza kilichojificha chini ya Kiswahili kibovu, akakirudisha kama kilivyokuwa.

Chukua majibu yenyewe. Chaguo la alama 2 linamaanisha kwamba kati ya siku 14, tatizo lilikuwepo siku zaidi ya nusu. Nimeona rasimu zikiandika "zaidi ya nusu siku". Mrudishaji anaitazama, anajua dodoso linahesabu siku, anaandika Kiingereza sahihi kabisa, na pande mbili zinafanana neno kwa neno. Sasa msomee mama aliyekaa kwenye foleni ya kliniki. Anachosikia ni nusu ya siku moja, yaani tangu asubuhi hadi kupita adhuhuri. Kama siku mbili alikuwa na huzuni mpaka jioni, atachagua hilo, ingawa jibu lake halisi ni "siku kadhaa", alama 1. Kosa hilo liko kwenye majibu, si kwenye swali moja, kwa hiyo linajirudia mara tisa. Mtu aliyestahili 1 kila swali ana 9, yuko chini ya mstari. Kwa tafsiri hiyo anapata 18. Ukilinganisha takwimu zako na za nchi nyingine utasema watu wetu wana sonona nzito, kumbe umepima neno "nusu".

Andika "zaidi ya siku 7 kati ya hizo 14", na useme kwenye ripoti kwamba umeweka tarakimu.

Onyo la pili: swali la 2. Kiingereza chake kinatumia picha ya mtu aliye "chini", na ukitafsiri "kujisikia chini" itarudi salama salimini. Kwa msikilizaji wa Kiswahili aliye chini ni mnyonge au mwenye hadhi ndogo, jambo ambalo liko karibu na swali la 6, linalouliza kujiona umeshindwa maishani. Utakuwa umeuliza dhana moja mara mbili na huzuni hujaiuliza. Kwa hiyo usilinganishe Kiingereza na Kiingereza tu. Weka Kiswahili kando ya karatasi ya dhana ya hatua ya 2.

6. Kikao cha wote waliohusika, swali moja moja.

7. Mahojiano ya kupima uelewa. Baadhi ya miongozo hutaja watu 5 hadi 8, nami ningeongeza wasiosoma. Usiulize "umeelewa?", kila mtu atakubali. Sema: "Nielezee swali hili kwa maneno yako," kisha, "Umefikaje kwenye jibu hilo? Nihesabie siku." Lile kosa la nusu siku hujitokeza hapa hapa.

8. Hariri, soma kwa sauti, funga toleo.

MASWALI

Kijana wa Tasnifu: Mkuu, nitumie PDF ya Kiswahili, nawasilisha Ijumaa.

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mchambuzi Huru: Msimamizi wangu anasema tafsiri ya kurudisha inatosha, ndivyo alivyoandika mtafiti Brislin kwenye makala yake ya 1970. Hizi hatua nyingine unatuongezea mzigo.

Mwandishi: Isome makala yenyewe. Brislin huyohuyo alionya kwamba mrudishaji anaweza kupata maana nzuri kutoka kwenye tafsiri mbovu. Sijaongeza kitu.

Mchambuzi Huru: Na kama nimetafsiri na kurudisha mimi mwenyewe?

Mwandishi: Hapana.

Nesi wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Swali la 9 tumeandika "kuwaza kifo". Wazee wengi wanakubali kwa furaha kabisa, na wengine wanasema kukumbuka mauti ni ibada. Tuwape alama?

Mwandishi: Marahaba. Umegusa penyewe. Swali la 9 linatafuta mambo mawili: kuona ni afadhali ungekufa, au kuwaza kujidhuru. Muumini anayekumbuka mauti hayumo humo. Jaribu "kuwaza kwamba ni afadhali ungekufa, au kuwaza kujiumiza kwa namna yoyote", kisha mpime kwa kumuuliza ni mawazo ya namna gani yanayomjia. Na kabla hujamhoji mtu wa kwanza, panga nani atazungumza siku hiyohiyo na yeyote atakayepata zaidi ya 0 hapo. Usimwache aende nyumbani na namba tu.

Nesi wa Tanga: Na bibi anayesema "namwomba Mungu anichukue"?

Mwandishi: Usimpitishe hivihivi. Akisema amechoka kuishi, hiyo imo kwenye dhana hata kama hana mpango wa kujidhuru. Akiwa anasema tu yuko tayari siku yake ikifika, haimo. Andika maneno yake kama alivyoyasema, yatawasaidia kwenye kikao cha hatua ya 6.

Mtoto wa Likoni: Toleo la Dodoma naweza kulitumia Mombasa?

Mwandishi: Usitafsiri upya, rudia hatua ya 7 huko Mombasa. Badilisha palipokwama tu, na uhifadhi matoleo yote mawili.

Karani wa Takwimu: Nyongeza kutoka uwanjani. "Wiki mbili zilizopita" wengine huanzia Jumatatu. Sisi tunataja siku: "tangu Jumatano ya wiki juzi hadi leo", na mhojaji anaonyesha kwenye kalenda.

Mwandishi: Ahsante, nzuri sana. Ila wahojaji wote wafanye hivyo, na kalenda iwe ileile.