Afisa kodi akidokeza "hii karatasi tunaweza kuimaliza": ufanye nini, kwa mpangilio gani

Ndugu wanachama, mada hii imeombwa sana, hasa na wenzetu wa maduka. Naandika kwa taratibu za Tanzania Bara, yaani TRA upande wa kodi na TAKUKURU upande wa rushwa. Jambo moja nataka likae kichwani kabla ya yote: una mambo mawili mkononi, si moja. Kuna deni lililo kwenye karatasi, na kuna mtu anayekuomba hela. Kila moja lina njia yake, na wengi wanaumia kwa sababu wanashughulikia la pili wakasahau la kwanza.

Tuchukue mfano. Mama ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Anapokea taarifa ya makadirio ya shilingi 14,400,000. Afisa aliyemletea anasema, "Mama, hii ikishaingia juu itakusumbua. Tukiyajenga mimi na wewe, kwa milioni mbili haifiki mbali." Kisha anaacha namba yake ya simu.

Kwanza, angalia karatasi yenyewe. Makadirio yakishatolewa yanakuwa kwenye mfumo, chini ya TIN yako. Afisa anaweza kuificha nakala ya karatasi au kuchelewa kukufuatilia, lakini deni linabaki pale, riba inaongezeka, na atakayekuja baada yake atalikuta. Ukishampa milioni mbili huna pa kumdai, maana huwezi kwenda ofisini kusema ulilipa ili lifutwe. Na kama makadirio hayajaingia kwenye mfumo, basi anakuuzia hofu tu. Ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi, au nenda dirishani na TIN yako, uulize deni lako limesomekaje.

Pili, usikubali, usikatae kwa ukali, na usipatane bei. Sema tu, "Nimekusikia, naomba nijipange," uondoke. Ukianza kusema "punguza iwe milioni moja" umeshaingia kwenye biashara, na sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamgusa mtoaji kama inavyomgusa mpokeaji. Lakini kuomba peke yake ni kosa tayari, hata kama hakuna shilingi iliyotoka. Kwa hiyo huhitaji kulipa ili uwe na kesi.

Tatu, andika siku hiyo hiyo. Si kesho. Andika tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno yake kama alivyoyasema. "Aliniomba rushwa" ni maelezo yako. "Tukiyajenga kwa milioni mbili haifiki mbali" ni maneno yake, na mchunguzi anayahitaji hayo. Andika jina lake, kituo chake, na namba ya kumbukumbu ya ile taarifa. Meseji za simu na za WhatsApp usizifute, na simu usiibadilishe. Akikutumia namba ya kupokelea pesa, ihifadhi ilivyo. Kodi ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo, benki au kwa simu. Hailipwi kwenye laini ya mtu binafsi. Namba yake binafsi ni ushahidi wenye uzito.

Nne, nenda TAKUKURU kabla hujalipa chochote. Hapa ndipo muda una thamani. Piga 113, ni bure, au fika ofisi yao ya wilaya au mkoa. Ukifika mapema, wenyewe wanaweza kuandaa mtego: noti zinaandaliwa na kuandikwa namba kabla hujaenda, na afisa anakamatwa akiwa nazo. Ukifika baada ya kulipa, mtego haupo tena, kinachobaki ni neno lako dhidi ya lake na meseji ulizotunza. Mtego usiuandae mwenyewe na rafiki zako. Ukimchokoza mtu aseme asilokuwa amelisema, unaiharibu kesi kabla haijaanza. Waachie wao waseme umpigie au umnyamazie.

Usiwaambie watu dukani. Habari ya mtego ikimfikia mhusika jioni, asubuhi atakuja akiwa mpole kama hakuwahi kusema neno.

Tano, na hili usilisahau: weka pingamizi la kodi. Kuripoti rushwa hakusimamishi deni. Una siku 30 tangu upokee uamuzi wa kodi kuweka pingamizi la maandishi kwa Kamishna Mkuu, ukieleza unapinga nini na kwa nini. Ili lipokelewe unatakiwa kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, chochote kilicho kikubwa. Mama wetu wa Morogoro akipiga hesabu, theluthi ya 14,400,000 ni 4,800,000. Lakini vitabu vyake vinaonyesha kwamba 5,000,000 anadaiwa kweli, kwa hiyo analipa 5,000,000 kwa kumbukumbu namba, anatunza stakabadhi, anabishia 9,400,000 iliyobaki. Tuseme sababu yake ni kwamba kila pesa iliyoingia benki imehesabiwa kama mauzo, wakati sehemu ilikuwa mkopo. Basi aambatanishe mkataba wa mkopo na taarifa ya benki. Kama fedha ya kulipa hana, anaweza kumwomba Kamishna kwa barua, akitoa sababu, apunguziwe au asamehewe malipo hayo ya mwanzo. Barua hiyo isingoje siku ya 29.

Kwenye pingamizi usiandike habari za milioni mbili. Pingamizi ni la hesabu, na linapita mikononi mwa watu wengi ofisini.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, wangu hakutaja hela. Alisema tu "sasa tunaonana vipi?" Hiyo inaripotiwa?*

Inaripotiwa. Ipeleke ilivyo, usiiongezee chumvi. Neno moja la mafumbo halitoshi mahakamani, lakini TAKUKURU wanaweza kuona kama afisa huyo ameshalalamikiwa na wengine, na wakakuelekeza hatua inayofuata.

*Mimi nilishampa nusu mwezi uliopita. Sasa anadai iliyobaki. Nikienda si nitajifunga mwenyewe?*

Ndugu yangu, sitakudanganya: kutoa nako ni kosa, na hakuna anayeweza kukuahidi hutaguswa. Tafuta wakili kwanza, kisha nenda naye mapema. Anayekuja mwenyewe na meseji zake hayuko sawa na anayekutwa. Hiyo nusu iliyobaki usilipe.

*Nikiripoti si atanirudia na ukaguzi kila mwezi?*

Hofu yako naielewa, na sitaidharau. Mwambie TAKUKURU mapema kwamba hutaki jina lako lijulikane. Sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi imewekwa kwa ajili hiyo. Mtego ukifanyika, lakini, mhusika mwenyewe atajua ni wewe. Upande wa TRA unaweza kumwandikia meneja wa mkoa ukiomba faili lako lishughulikiwe na afisa mwingine, ila kwanza waulize TAKUKURU kama barua hiyo haitaamsha mtu kabla ya wakati. Na hakikisha ritani zako na risiti za EFD zimekaa sawa, maana akija na visingizio atatafuta hapo.

*Shikamoo mwalimu. Nimepigiwa simu na mtu anasema ni wa TRA, anataka laki tatu "afute" deni. Sijaona karatasi yoyote.*

Marahaba. Huyo huenda ni kishoka tu. Usimpe TIN wala nywila ya akaunti yako. Mwombe jina kamili na kituo chake, kata simu, kisha nenda mwenyewe ofisi ya TRA ya wilaya yako uulize kama mtu huyo yupo na kama una deni. Akiwepo, nenda 113 kama nilivyoeleza juu. Asipokuwepo, ni utapeli: peleka namba hiyo polisi, na waachie TRA nakala.