Kupanga miamala ya benki kwa maneno, bila kuchanganya Naivas na Naivasha

Stetimenti ya benki ikishaingia kwenye Excel, kazi inayochosha ni kupitia maelezo ya kila muamala na kuandika kando yake kama ni chakula, umeme au mafuta. Kazi hiyo mwachie SEARCH. Nachukulia kwamba maelezo yako kolamu B, kuanzia mstari wa 2.

Kwanza, fungua shiti mpya uandike maneno na makundi yake:

```
Neno       Kundi
NAIVAS     Chakula
NAIVASHA   Safari
KPLC       Umeme
RUBIS      Mafuta
```

Bofya ndani yake, bonyeza Ctrl+T, hakikisha My table has headers imetiwa alama, bonyeza OK, kisha kwenye Table Design ulipe jedwali hilo jina Maneno. Herufi kubwa au ndogo si hoja, SEARCH haizitofautishi.

Pili, rudi kwenye stetimenti. Katika kolamu iliyo wazi, mstari wa 2, andika fomula hii na uiburute hadi chini:

```
=IFERROR(LOOKUP(2,1/SEARCH(Maneno[Neno],B2),Maneno[Kundi]),"Haijulikani")
```

Tuseme B2 ina POS RUBIS NAIVASHA, yaani umejaza mafuta ukiwa njiani. SEARCH inalitafuta kila neno la jedwali humo na kutaja linapoanzia: NAIVAS 11, NAIVASHA 11, KPLC kosa, RUBIS 5. Ndiyo, NAIVAS imepatikana ingawa hukukanyaga dukani, kwa kuwa SEARCH hutazama herufi tu, haijali neno linaishia wapi. Ukigawanya 1 kwa namba hizo, hakuna jibu linalozidi 1. LOOKUP inatafuta 2, haiipati, inaruka makosa na kushika namba ya mwisho. Hapo ni RUBIS, kwa hiyo jibu ni Mafuta.

Kwa hiyo, maneno mawili yakipatikana, la chini ndilo linaloshinda. Ndiyo maana NAIVASHA imekaa chini ya NAIVAS: ukilipa hoteli ya Naivasha, unapata Safari. Ukizigeuza, hoteli itahesabiwa kama chakula, na hakuna kosa litakalojitokeza kukushtua. Kila unapoongeza neno, jiulize kama limo ndani ya neno lingine. RENT, kwa mfano, imo ndani ya CURRENT, na uhamisho wa kwenda akaunti ya CURRENT utaonekana kama kodi ya nyumba. Ongeza CURRENT, kundi Uhamisho, chini ya RENT.

Ukiona 0 mahali pa kundi, jedwali lina mstari mtupu mwishoni. SEARCH ikipewa neno tupu hujibu 1 popote, basi mstari huo unashinda yote, na IFERROR haiuoni kwa sababu si kosa. Ufute.

Mwisho, chuja Haijulikani. Chukua kipande cha maelezo kinachojirudia, kiongeze kwenye jedwali kwa mpangilio ule ule, na mistari yote yenye kipande hicho itajipanga yenyewe.