Ni jibu la mashine, au anakukwepa?

Nilikuwa nasubiri jibu la ankara kwa mteja mmoja wa Posta. Barua pepe ya Jumatatu ilijibiwa papo hapo: "Nipo likizo." Jumatano nikaandika tena, kimya. Nikadhani ananikwepa, kumbe Gmail haimrudii mtu yule yule jibu la likizo hadi zipite siku 4. Fungua jibu lake kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu, chagua Show original, kisha tafuta:

```
Auto-Submitted: auto-replied
```

Ukiuona mstari huo, ni mashine. Usipouona bado si ushahidi, maana si mifumo yote huuweka. Mimi hutazama tarehe yake ya kurudi: ikishapita, naye anawajibu wengine kwenye mazungumzo yale yale huku swali langu akiliruka, hapo napiga simu.