Kupunguza Ukubwa wa Oda Faida Inapozidi Kawaida: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mfanyabiashara wa fedha za kigeni aliyepata hasara mfululizo kwa kawaida hujua kwamba ana tatizo, na mara nyingi hupunguza ukubwa wa oda zake bila kuambiwa na mtu. Aliyeshinda mfululizo hana kengele ya namna hiyo. Salio limekua, kila alichonunua kimepanda, na loti zinaongezeka huku yeye akiamini kwamba hatimaye amelielewa soko. Mwongozo huu unaeleza kanuni moja inayofanya kinyume cha tamaa hiyo, yaani kanuni inayokata ukubwa wa oda kwa nusu pale matokeo yanapokuwa mazuri kupita kiasi ukilinganisha na historia yako mwenyewe.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Kanuni hii haisemi kwamba baada ya ushindi mwingi lazima zije hasara ili hesabu zisawazike. Soko halidai deni. Ikiwa mkakati wako haujabadilika, oda inayofuata ina nafasi ile ile ya kushinda kama zilizotangulia. Kinachobadilika ni vitu vingine vitatu: wewe unaanza kulegeza masharti ya kuingia sokoni, salio kubwa linakuza loti zako, hivyo oda kubwa kuliko zote hufunguliwa ukiwa kileleni, na mara nyingi ushindi wote ule umetokana na mwelekeo mmoja wa soko, ambao ukigeuka hugeuka kwa oda zako zote kwa pamoja. Kanuni imekusudiwa kwa ajili ya mambo hayo matatu.

Hatua ya 1: Andika kila matokeo kwa kipimo cha R

R ni kiasi cha fedha ulichokubali kupoteza ulipofungua oda. Ukihatarisha dola 20 na ukapata faida ya dola 40, umepata +2R. Kikomo cha hasara kikiguswa, umepata −1R. Dola peke yake hazifai kwa kazi hii kwa sababu zinachanganya ubora wa uamuzi na ukubwa wa loti.

Kwenye MetaTrader 5 ya kompyuta, fungua sehemu ya `History`, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Report`, kisha uhifadhi ripoti kwa muundo wa Excel. Kikomo cha hasara cha mwanzo, hata hivyo, kiandike mwenyewe siku ile ile unayofungua oda. Ukikisogeza baadaye, ripoti inaweza isikuonyeshe kilikuwa wapi awali, na R yote itaharibika.

Hatua ya 2: Unganisha oda zinazotegemea jambo moja

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ukinunua `USDJPY`, `EURJPY` na `GBPJPY` asubuhi moja, hujafanya biashara tatu. Umefanya biashara moja, nayo ni kutabiri kwamba yen itashuka. Ziandike kwenye mstari mmoja: jumlisha faida au hasara ya zote, gawanya kwa jumla ya fedha ulizohatarisha, na matokeo hayo ndiyo R ya mstari huo. Usipofanya hivyo, siku moja nzuri itahesabiwa kama ushindi mara tatu, na hesabu zinazofuata zitakudanganya, kwa kuwa zinachukulia kwamba kila mstari unajitegemea.

Hatua ya 3: Tafuta kawaida yako

Unahitaji angalau mistari 100 ya zamani, nayo isiingize mistari 20 ya karibuni, kwa sababu hiyo ndiyo unayotaka kuipima. Tafuta vitu viwili tu: wastani wa R kwa kila mstari, na mkengeuko sanifu, ambao ni kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani huo. Ikiwa matokeo yako yamo kwenye safu ya F, na mistari ya zamani ni ya 2 hadi 181, weka hivi kwenye seli `J1` na `J2`:

```
=AVERAGE(F2:F181)
=STDEV.S(F2:F181)
```

Tuchukue mfano wa mtu anayeshinda mara 40 katika kila 100, akipata 2R akishinda na kupoteza 1R akishindwa. Wastani wake ni 0.2R, na mkengeuko wake ni takriban 1.47R. Katika mistari 20 anatarajia kupata 4R, lakini bahati pekee inaweza kumpeleka juu au chini ya hapo kwa takriban 6.6R bila chochote cha ajabu kuwa kimetokea.

Hatua ya 4: Pima mistari 20 ya mwisho

```
=(SUM(F182:F201)-20*$J$1)/($J$2*SQRT(20))
```

Namba inayotoka, ambayo nitaiita alama z, inaonyesha mistari 20 ya karibuni imeachana na kawaida yako kwa kiasi gani. Sifuri maana yake ni matokeo ya kawaida kabisa. Mbili na kuendelea maana yake ni kwamba mambo yamekuwa mazuri kupita desturi. Mtu wa mfano wetu akishinda mara 13 katika 20, atakuwa na 19R na alama z ya takriban 2.3. Kwa mkakati wake, bahati tupu humpa mtu matokeo kama hayo au bora zaidi katika takriban mafungu 2 kati ya mafungu 100 ya mistari 20. Ni nadra, lakini mtu anayefanya biashara miaka mingi atayaona zaidi ya mara moja bila ujuzi wake kuongezeka hata kidogo.

Wapo wanaopendelea kanuni nyepesi zaidi, kwa mfano kupunguza oda baada ya kushinda mara tano mfululizo. Siipendekezi. Kwa mtu anayeshinda mara 40 katika 100, ushindi wa mara tano kwa zamu hutokea kwa nafasi ya karibu 1 katika 100. Kwa anayeshinda mara 80 katika 100 kwa faida ndogondogo, nafasi hiyo ni karibu 33 katika 100, yaani ni jambo la kila wiki. Kanuni moja haiwezi kuwafaa wote wawili, ilhali alama z hujipima kwa historia ya kila mmoja.

Hatua ya 5: Kata nusu, na ugandishe salio la hesabu

Alama z ikifika 2, fanya mambo mawili kabla ya kufungua oda nyingine yoyote. Kwanza, kama huwa unahatarisha asilimia 1, shuka hadi asilimia 0.5 kwa kila wazo, na si kwa kila oda. Pili, asilimia hiyo ikokotolewe kwa salio ulilokuwa nalo kabla ya mistari ile 20 kuanza. Salio la leo lisitumike. Jambo hili la pili huonekana dogo, lakini ndilo linalozuia loti zisikue zenyewe huku ukiamini kwamba bado unafuata asilimia ile ile.

Tuuone uzito wa kanuni hii kwa tukio lililotokea kweli. Mwanzoni mwa Agosti 2022 dola moja ilikuwa karibu yen 131, na ilipofika Septemba 7 ilikuwa imegusa karibu 145. Aliyekuwa akinunua dola dhidi ya yen katika wiki zile alishinda karibu kila alipojaribu. Septemba 22, bei ikiwa karibu 145.9, serikali ya Japani iliingia sokoni kununua yen kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1998, ikatumia takriban yen trilioni 2.8, na dola ikaporomoka hadi karibu 140.3 siku hiyo hiyo.

Mchukue mtu wetu wa mfano, aliyeanza na dola 2,000, akahatarisha dola 20 kila mara, na mistari yake 20 ikampa 19R, hivyo salio lake ni dola 2,380. Kwa kujiamini anapanda hadi asilimia 3 na kufungua oda tatu zote zikiwa dhidi ya yen. Kila oda inahatarisha dola 71, jumla yake dola 214. Viwango vya hasara vikiguswa vyote, amepoteza zaidi ya nusu ya faida yake ndani ya saa chache, na hapo ni ikiwa broka amemfungia kwa bei aliyoiweka, jambo ambalo halina hakika bei inaporuka namna ile. Anayefuata kanuni angekuwa na wazo moja lenye hatari ya asilimia 0.5 ya dola 2,000, yaani dola 10.

Hapo ndipo tatizo la akaunti ndogo linapojitokeza. Kikomo cha hasara kikiwa umbali wa yen moja na bei ikiwa 145, loti 0.01 ya `USDJPY` inahatarisha takriban dola 6.9. Dola 10 zinaruhusu loti 0.0145, ambayo unaishusha hadi 0.01. Lakini kama akaunti yako ina dola 1,000, nusu ya hatari yako ni dola 5, na loti 0.01 tayari imevuka kiasi hicho. Kwa kuwa akaunti nyingi haziruhusu loti ndogo kuliko hiyo, hapo huwezi kukata ukubwa. Kata idadi badala yake, kwa kuchukua wazo moja na kuliruka linalofuata, kwa zamu iliyopangwa mapema, bila kuchagua unalolipenda.

Hatua ya 6: Kurudi kwenye ukubwa wa kawaida

Rudi kwenye asilimia 1 pale tu masharti mawili yanapotimia pamoja: umemaliza mistari 20 kwa nusu ya ukubwa, na alama z imeshuka chini ya 1. Bila sharti la kwanza, hasara chache zitaishusha alama haraka nawe utarudi kwenye loti kubwa wakati ungali na kiburi cha wiki iliyopita. Ikiwa alama imebaki juu hata baada ya mistari 20, endelea na nusu. Kawaida yako mpya ikokotolewe baada ya kukusanya mistari 100 mipya, na si kabla ya hapo, hata kama una hakika kwamba umepanda daraja.

Wakati wa kusubiri, soma safu ya sababu za kuingia sokoni kwenye daftari lako. Kujiamini kupita kiasi huonekana huko mapema kuliko kwenye fedha: sentensi tatu zinakuwa moja, kisha neno moja kama "inapanda", kisha seli tupu. Idadi ya oda kwa wiki nayo ikiwa imepanda bila mkakati kubadilika, umepata uthibitisho wa pili.

Pale ambapo kanuni haifai

Anayefanya biashara bila kikomo cha hasara, au anayeongeza loti mara mbili kila anapopoteza, atapata historia yenye faida ndogo nyingi na mkengeuko mdogo wa uongo, kwa sababu hasara yake kubwa bado haijatokea. Alama z haitamwonya. Kwa upande mwingine, anayetumia programu inayofuata mwelekeo wa soko bila mkono wa mtu hutegemea vipindi vichache vyenye faida kubwa kulipia miezi mingi ya hasara ndogo, na kwake kukata nusu kunaweza kugharimu sehemu nzito ya mapato ya mwaka. Huyo abakize hatua ya 2 na kugandisha salio, aache asilimia yake ilivyo.